Likizo ya ugonjwa kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waajiriwa wa sekta binafsi

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara na yanamhusu mfanyakazi wa sekta binafsi anayelindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na mtumishi wa umma ana kanuni zake, kwa hiyo wao wasichukue hesabu za hapa kama zilivyo. Kama mkataba wako au makubaliano ya chama chenu cha wafanyakazi yanakupa zaidi ya sheria, chukua kile kikubwa. Sheria imeweka kiwango cha chini tu.

Nina siku ngapi za kuumwa kwa malipo?

Siku 126. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata unalipwa nusu. Haya yamo kwenye kifungu cha 32 cha sheria.

Kila mtu anaikumbuka hiyo 126. Kinachosahaulika ni kwamba siku hizo hazitolewi kila mwaka. Ni za mzunguko mmoja wa likizo, na kwa likizo ya ugonjwa mzunguko ni miezi 36 ya kazi mfululizo kwa mwajiri huyohuyo. Mzunguko wa miezi 12 ni wa likizo ya mwaka peke yake. Wengi huchanganya mizunguko hii miwili, na wanaochanganya si wafanyakazi tu. Yuko mfanyakazi anayeamini Januari ikifika anaanza upya, na yuko afisa utumishi anayefuta daftari lake kila Desemba halafu akashindwa kueleza mtu amebakiwa na siku ngapi.

Miezi 36 inahesabiwa kuanzia tarehe uliyoanza kazi. Kama uliajiriwa tarehe 1 Machi 2022, mzunguko wako wa kwanza uliisha tarehe 28 Februari 2025, na wa pili ulianza kesho yake.

Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinahesabiwa?

Ndiyo. Katika sehemu ya sheria inayohusu likizo, siku ni siku ya kalenda, na sikukuu inayoangukia humo imo ndani. Daktari akikupumzisha siku saba kuanzia Alhamisi, umetumia siku saba kati ya zile 126, hata kama kwa kawaida ungefanya kazi siku tano tu katika wiki hiyo. Kwa maana hiyo 126 ni kama miezi minne na siku chache, si miezi mitano au sita kama ambavyo mtu angepata akizihesabu kwa siku za kazi.

Nimeajiriwa miezi minne iliyopita. Ninazo?

Likizo za malipo katika sheria hii zinaanza kwa aliyefikisha miezi sita kazini. Kabla ya hapo unategemea mkataba wako unasemaje. Kuna jambo moja linalowasaidia wale wanaoitwa na kuachwa, wakaitwa tena: kama umefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na vipindi hivyo vikijumlishwa vinazidi miezi sita, unahesabiwa kuwa na haki hiyo.

Cheti cha daktari ni lazima hata kwa siku moja?

Sheria haikuweka idadi ya siku ambazo unasamehewa cheti. Inasema tu kwamba mwajiri halazimiki kulipa likizo ya ugonjwa kama mfanyakazi ameshindwa kuleta cheti cha daktari. Zipo kampuni ambazo taratibu zake zinamruhusu mtu kuumwa siku moja au mbili bila karatasi. Huo ni uungwana wa mwajiri, na inafaa ujue kama kwenu upo kabla hujautegemea.

Karatasi yenyewe ndiyo hii wengi tunayoiita ED. Ndiyo inayoigeuza siku ya kutokuwepo kazini kuwa siku ya likizo. Bila hiyo mambo mawili yanaweza kukupata kwa mpigo. Kwanza, siku hizo hazilipwi. Pili, na hili ndilo zito, unaweza kuonekana mtoro. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zimeweka kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa au bila sababu inayokubalika, katika makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu. Mtu aliyeugua kweli wiki nzima nyumbani, akanywa dawa za duka la dawa na kurudi mikono mitupu, anajikuta anajitetea kwenye kikao cha nidhamu kwa jambo ambalo lingekwisha kwa karatasi moja.

Cheti kitoke kwa nani?

Kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtoa tiba mwingine ambaye mwajiri anamkubali. Sheria inaongeza kwamba mwajiri hawezi kumkataa huyo mwingine bila sababu ya msingi. Hapo ndipo anapopata nafasi tabibu wa zahanati ya kijijini. Kama eneo unaloishi lina zahanati moja na hakuna daktari kwa kilomita nyingi, mwajiri anayekataa karatasi ya zahanati hiyo kwa sababu tu haikutoka hospitali kubwa yuko kwenye hali ngumu kuitetea.

Vipi hospitali ya kampuni, au ile iliyo kwenye bima ya kampuni? Mwajiri anaweza kuwa na utaratibu kwamba mtibiwe huko. Utaratibu huo hauifuti sheria. Ukiugua ghafla ukiwa safarini na daktari aliyesajiliwa akakutibu, cheti chake ni cheti.

Karatasi iwe na nini ili isirudishwe?

Iangalie kabla hujatoka dirishani. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye faili la kazini. Iwe na tarehe uliyoonwa, tarehe ya kuanza mapumziko na tarehe ya mwisho, au idadi ya siku. Iwe na jina na saini ya daktari, na muhuri wa kituo. Maneno kama "apumzike" bila idadi ya siku hayamsaidii mtu yeyote, kwa sababu anayeandaa mishahara hajui alipe siku mbili au ishirini.

Kosa linalowagharimu watu zaidi ni pengo kati ya karatasi mbili. ED ya kwanza inaisha Ijumaa. Unarudi kliniki Jumatatu, daktari anaona bado hujapona, anakuandikia nyingine inayoanza Jumatatu hiyo. Kwa macho ya kawaida uliumwa mfululizo. Kwa karatasi, Jumamosi na Jumapili hazina kitu, na kama unafanya kazi kwa zamu zinazoingia wikiendi, tayari una siku mbili za utoro. Mweleze daktari unafanya kazi siku zipi, na uombe karatasi ikufikishe hadi siku ya miadi yenyewe.

Kosa lingine ni la waliolazwa. Karatasi ya kuruhusiwa hospitalini inaonyesha ulilazwa lini na kutoka lini. Haisemi upumzike siku ngapi ukiwa nyumbani, isipokuwa daktari ameandika. Mtu aliyefanyiwa upasuaji anatoka wodini siku ya nne akidhani karatasi ile inamtosha mwezi mzima. Ulizia ED kabla hujaondoka wodini, maana kumpata daktari yuleyule wiki mbili baadaye ili aandike ya nyuma ni kazi, na daktari makini atakataa kuandika tarehe ambazo hakukuona.

Ni lazima mwajiri ajue ninaumwa nini?

Anachohitaji kwa ajili ya malipo ni kujua kwamba huwezi kufanya kazi na ni kwa muda gani. Jina la ugonjwa ni jambo jingine. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo ofisi haina ruhusa ya kuzitembeza. Mwajiri mwenye shaka anaweza kupiga simu kituoni na kuuliza kama karatasi yenye namba fulani ilitoka pale. Hilo ni sawa. Kumtaka daktari asome faili lako kwenye simu bila ridhaa yako si sawa, na daktari anayejua kazi yake hatalifanya.

Mambo hubadilika ugonjwa ukiwa mrefu. Hapo mwajiri atahitaji kujua kama utapona na lini, na mwenye kuficha kila kitu atakuwa anajinyima utetezi wake mwenyewe. Nitalirudia hili chini.

Karatasi ya kughushi ikigundulika?

Hapo hamuongei tena habari ya ugonjwa, mnaongelea udanganyifu. Ni kosa la nidhamu linaloweza kumaliza ajira hata kama uliumwa kweli siku hizo, na kughushi ni jinai pia. ED za kununua hugundulika kwa mambo madogo: muhuri wa kituo kilichobadili jina, namba inayofanana na ya mwenzako wa idara nyingine, daktari ambaye siku hiyo hakuwa zamu.

Nitoe taarifa lini na kwa njia gani?

Mapema kadiri hali inavyoruhusu, na kwa njia inayoacha ushahidi. Simu ya sauti ni ya heshima lakini haiachi maneno. Piga, kisha fuatisha na ujumbe mfupi. Hauhitaji kuwa mrefu:

"Shikamoo bosi. Naumwa tangu jana usiku, niko hospitali sasa hivi. Sitaweza kuingia zamu ya leo. Nitakutumia ED nikishaonwa na daktari."

Ukiipata ED, ipige picha uitume siku hiyohiyo, halafu upeleke karatasi yenyewe. Unapoikabidhi, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi au iliyosainiwa na aliyeipokea. Karatasi za wafanyakazi hupotea kwenye ofisi nyingi kuliko wenye ofisi wanavyopenda kukiri, na baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka kama uliileta. Kama huwezi hata kushika simu, ndugu anaweza kutoa taarifa kwa niaba yako.

Naomba mfano kamili wa hesabu.

Tumchukue mtunza stoo aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2022 kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Ili hesabu iwe nyepesi, mwezi tuuhesabu siku 30, hivyo siku moja ni shilingi 20,000.

Agosti 2022 bado hajafikisha miezi sita, akaugua malaria siku tatu. Kampuni ilimlipa kwa hiari yake, na kwa vile haikuwa haki ya kisheria, tuziache siku hizo nje ya hesabu. Mwaka 2023 aliugua homa ya matumbo, akapewa ED ya siku 9. Mapema 2024 akapata jipu lililopasuliwa, siku 5. Jumla ametumia siku 14, zote kwa mshahara kamili. Amebakiwa na siku 49 za mshahara kamili na 63 za nusu.

Tarehe 3 Juni 2024 anateleza nyumbani kwake na kuvunjika mguu. Anaanza kuhesabiwa siku hiyo. Juni inampa siku 28, Julai inamalizia 21. Mshahara kamili unaishia tarehe 21 Julai, na kwa siku hizo 49 amelipwa shilingi 980,000. Kuanzia tarehe 22 Julai analipwa nusu, shilingi 10,000 kwa siku. Siku 10 za Julai, 31 za Agosti na 22 za Septemba zinatimiza 63. Nusu mshahara unaishia tarehe 22 Septemba, na jumla yake ni shilingi 630,000.

Tarehe 23 Septemba 2024 mguu haujaunga sawasawa, daktari bado anaandika ED, na mwajiri hana tena wajibu wa kumlipa chochote kwa likizo ya ugonjwa. Hali hii itabaki hivyo hadi tarehe 28 Februari 2025. Kama atakuwa bado ni mwajiriwa ifikapo tarehe 1 Machi 2025, mzunguko mpya unafunguka na siku zake 126.

Angalia kilichotokea Julai. Kama homa ya matumbo na lile jipu vingemkuta kwenye mzunguko mwingine, mshahara kamili ungekwenda wiki mbili zaidi. Ndiyo maana ni vizuri uwe na daftari lako mwenyewe la siku ulizotumia, usitegemee la ofisini peke yake. Na ujiandae na jambo ambalo halimo kwenye sheria: ukianza kulipwa nusu, rejesho la mkopo wa benki halipungui. Nenda benki kabla mshahara wa kwanza wa nusu haujaingia, uombe wapange upya marejesho, kwa sababu baada ya kukosa rejesho moja mazungumzo yanakuwa mengine.

Mwajiri anaweza kukata siku za kuumwa kwenye likizo yangu ya mwaka?

Hapana. Sheria inamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mfanyakazi achukue likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine anayostahili. Maneno "hata kumruhusu" ni ya muhimu: ukikubali mwenyewe kwa kusaini fomu, bado haikuwa halali. Ukiugua ukiwa katikati ya likizo ya mwaka, pata ED na utoe taarifa siku hiyohiyo, usisubiri kurudi kazini ndipo useme.

Siku 126 zikishaisha hali ni tofauti. Wakati huo huna tena likizo ya ugonjwa unayostahili, kwa hiyo kuomba siku zako za mwaka ambazo hujazitumia ni njia halali ya kupata malipo kwa wiki chache zaidi.

Niliumia kazini. Hesabu ni hiyohiyo?

Sivyo. Kuumia ukiwa kazini, au ugonjwa uliotokana na kazi yenyewe, kunaingia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao kila mwajiri anatakiwa kuuchangia. Mchango ni wa mwajiri, hautoki kwenye mshahara wako. Mfuko unalipia matibabu, na kwa muda ambao huwezi kufanya kazi unalipa asilimia 70 ya kipato. Sheria ya ajira nayo inamwondolea mwajiri wajibu wa kulipa likizo ya ugonjwa pale mfanyakazi anapostahili malipo hayo chini ya sheria au mfuko mwingine.

La kuwa nalo makini ni taarifa ya ajali. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuipeleka WCF, na wapo wanaopendelea kuiita ajali ya kazini "kuumwa" ili mambo yaishe kimya. Ukikubali ED ya kawaida kwa kidole kilichokatwa na mashine, unatumia siku zako 126 kwa jambo lililopaswa kulipwa na mfuko, na kama kidole hakitarudi kama zamani utakuwa huna kumbukumbu ya kudai fidia ya ulemavu wa kudumu. Hakikisha karatasi ya hospitali inasema uliumia wapi na ukifanya nini.

Siku 126 zimeisha na bado naumwa. Ajira imekwisha?

Haijaisha. Hili ndilo swali linaloleta watu wengi, na jibu lake linawashangaza pande zote mbili. Siku ya 127 inakoma kitu kimoja tu, nacho ni wajibu wa kulipa. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba mkataba unajifunga wenyewe siku hiyo. Barua inayoandikwa "kwa kuwa umemaliza siku za likizo ya ugonjwa, ajira yako imekoma kuanzia leo" ni barua ya kuachisha kazi, na mwajiri atatakiwa kuonyesha sababu halali na utaratibu wa haki kama ilivyo kwa uachishaji mwingine wowote.

Sababu inaweza kuwepo. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuachishwa kwa kukosa uwezo wa kufanya kazi, na maradhi yamo humo. Mashauri mengi huangukia kwenye utaratibu.

Utaratibu wenyewe ukoje?

Kanuni za 2007 zinamtaka mwajiri aanze kwa kujua ukweli wa hali: ugonjwa huu ni wa muda au wa kudumu, na ni mkubwa kiasi gani. Hapo ndipo ripoti ya daktari inapohitajika, na ndipo usiri wa kupita kiasi unapomuumiza mgonjwa. ED inasema tu "siku 30". Ripoti inasema mfupa utaunga baada ya muda gani, ukipona utaweza kubeba mzigo au hutaweza, utahitaji upasuaji mwingine au la. Ukiombwa ridhaa ya kutoa ripoti ya namna hiyo, kwa kawaida ni kwa faida yako kuitoa, mradi imeandikwa kwa ajili ya kujibu maswali ya kazi na si kumwaga faili zima.

Kama ugonjwa ni wa muda lakini unachukua muda mrefu kupita kiasi, mwajiri anatakiwa atafute njia nyingine kabla ya kufikiria kuachisha. Anaangalia aina ya kazi, muda uliokwishapita, uzito wa ugonjwa na kama anaweza kupata mtu wa kushika nafasi kwa muda. Kama ni wa kudumu, anaangalia uwezekano wa kukupa kazi nyingine au kubadilisha majukumu na mazingira yako yaendane na hali yako. Kwa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, wajibu huu wa mwajiri ni mkubwa zaidi.

Katikati ya hayo yote lazima wewe ushirikishwe. Unaitwa kwenye kikao, unaelezwa kinachofikiriwa, unapewa nafasi ya kujibu na kupendekeza, na unaweza kuja na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kama huwezi kufika, sema hivyo kwa maandishi na upendekeze siku nyingine au kikao kwa simu. Kunyamaza kunampa mwajiri nafasi ya kusema alikuita hukuja.

Turudi kwa mtunza stoo wetu. Mwanzoni mwa Oktoba daktari anaandika kwamba ataweza kukaa na kutembea kidogo baada ya wiki sita, ila kubeba mizigo ni baada ya miezi minne au zaidi. Ripoti hiyo inafungua mlango. Kwenye stoo kuna kazi ya kupokea hati za mizigo na kuingiza hesabu kwenye kompyuta, ambayo mtu aliyekaa anaweza kuifanya. Mwajiri anayempa likizo bila malipo ya wiki sita kisha akamweka mezani amefuata kanuni. Akikaa na daktari na mfanyakazi, akaonyesha kwamba stoo ina mtu mmoja tu, kwamba hakuna meza ya kumweka na kwamba kibarua wa muda amekosekana, anaweza kufikia uamuzi wa kuachisha na ukasimama. Akituma barua tarehe 23 Septemba bila kumuuliza mtu chochote, hana cha kujitetea nacho, hata kama mguu ule usingepona kamwe.

Anaweza kunipa notisi nikiwa bado kwenye siku za malipo?

Notisi ya kusitisha ajira haiwezi kutolewa ukiwa kwenye likizo inayotolewa na sheria hii, wala haiwezi kwenda sambamba na likizo hiyo. Kwa hiyo barua iliyotolewa siku ya 100 ili "siku zikiisha na notisi iwe imeisha" ina kasoro.

Nikiachishwa kwa ugonjwa nalipwa nini?

Unalipwa mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ya mwaka ambayo hukuichukua, na notisi ya siku 28 kama unalipwa kwa mwezi, ama uitumikie au ulipwe badala yake. Kama umemaliza miezi 12 ya kazi mfululizo kuna kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kiinua mgongo kinakosekana kwa aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, au kwa aliyekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa. Hili la pili lizingatie sana kabla hujasusa ile meza ya kuingiza hesabu. Mtunza stoo akiachishwa mwishoni mwa Novemba 2024 ana miaka miwili iliyokamilika, yaani siku 14.

Tazama pia mshahara uliotumika kwenye hesabu. Nimeona karatasi za malipo ambazo mhasibu amechukua mshahara wa mwezi wa mwisho, ambao ulikuwa nusu, akaufanya msingi wa kila kitu. Msingi ni mshahara wa msingi wa mkataba wako.

Pamoja na hayo unastahili cheti cha utumishi, na kama uliajiriwa sehemu nyingine na si pale unapofanyia kazi, kuna gharama za usafiri wa kurudi. Kwa asiyeweza tena kufanya kazi, aulizie NSSF kuhusu pensheni ya ulemavu. Huko utapimwa na jopo la madaktari, na masharti ya michango yanaangaliwa, kwa hiyo usitupe hata karatasi moja ya hospitali.

Nina mkataba wa mwaka mmoja na utaisha nikiwa kitandani.

Likizo ya ugonjwa hairefushi mkataba wa muda maalumu. Tarehe ikifika unaisha, isipokuwa mwajiri alikuwa amekupa sababu za msingi za kutarajia kuongezewa.

Mtoto wangu ndiye anayeumwa. Naweza kutumia siku hizi?

Hizi ni za ugonjwa wako mwenyewe. Kwa mtoto kuna siku 4 za malipo, ambazo ndizo hizohizo zinazotumika kwa msiba wa mwenzi, mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu au ndugu. Mwajiri anaweza kukutaka uonyeshe uthibitisho.

Nimeachishwa isivyo haki. Niende wapi na kwa muda gani?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Shauri la kuachishwa kazi linapelekwa ndani ya siku 30 tangu ajira ikome. Migogoro mingine, kama vile nusu mshahara ambayo haikulipwa, ina siku 60. Unajaza fomu namba CMA F1, unampa mwajiri nakala, na unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Shauri linaanza na usuluhishi, na yasipopatikana makubaliano linakwenda kwenye uamuzi.

Siku 30 ni chache kwa mtu anayeumwa. Kuomba kusikilizwa nje ya muda kunawezekana, na kulazwa hospitali ni sababu inayoweza kukubaliwa, lakini utatakiwa kuithibitisha siku kwa siku. Kama huwezi kutoka kitandani, mwakilishi wa chama au wakili anaweza kukushughulikia fomu. Ukienda beba mkataba, barua ya kuachishwa, ED zote kwa mpangilio wa tarehe, nakala zilizosainiwa mapokezi, karatasi za mishahara za miezi ya nusu na ule ujumbe wa kwanza uliomtumia bosi, ukiwa na tarehe na saa yake.